Tumbo moja, baba mbali: kisa cha shilingi 3,835,000 zilizokosa mwenyewe

Kisa hiki kimetokea katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi mjini Unguja, lenye wateja wa mkopo Unguja na Pemba. Majina yote yameondolewa, tarehe zimesogezwa kidogo, na baadhi ya miji imebadilishwa. Hesabu zimeachwa zikiendana vilevile, kwa kuwa fundisho lenyewe limo ndani ya hesabu.

Hali ilivyokuwa

Duka lilikuwa na wateja 11 wa mkopo Pemba. Mzigo hupakiwa bandari ya Malindi, hushushwa Mkoani, kisha gari hupeleka kwenye duka la mteja. Malipo huwekwa taslimu katika tawi lolote la benki. Mteja akishaweka hutakiwa kupiga simu au kutuma picha ya slipu. Wengi hawafanyi hivyo.

Idara ya hesabu ilikuwa na watu watatu: mhasibu mkuu, keshia, na binti aliyetoka chuoni ambaye hakuwa ametimiza mwaka kazini. Kazi yake kubwa ilikuwa kulinganisha taarifa ya benki na daftari la wadaiwa kila mwisho wa mwezi. Pesa iliyoonekana benki bila kujulikana ya nani iliingizwa kwenye akaunti ya muda, ambayo pale ofisini, kama kwingine kote, huitwa saspensi.

Mteja anayehusika ni mzee mwenye duka la rejareja upande wa kusini wa Pemba. Alikuwa akinunua hapo kwa miaka kadhaa na hakuwahi kuacha deni. Kulipa kwake, hata hivyo, kulifuata karafuu. Wanunuzi wake wakishauza karafuu kituoni ndipo humlipa, naye akishalipwa hulipa. Kwa hiyo mzigo aliochukua Mei au Juni ulikuwa ukilipwa Agosti au Septemba, na mauzo walilijua hilo kwa mazoea. Mfumo wa hesabu haukulijua. Kwenye mfumo kila mteja alikuwa na siku 60, basi.

Mazungumzo ya Aprili

Mwezi wa Aprili, katikati ya masika, mzee alikuja mwenyewe Unguja kuchukua saruji. Mvua ikaanza kabla gari halijapakia. Saruji haipakiwi mvuani: mfuko ukirowa kidogo tu, unafika Pemba jiwe. Akaambiwa asubiri, akapewa kiti katika chumba cha hesabu karibu na meza ya binti. Alikaa pale kiasi cha saa mbili.

Walizungumza ya kawaida, hali ya bahari na bei ya mabati. Simu ya mzee ikalia. Akaongea kwa muda mfupi, akaikata, akasema:

"Ndugu yangu huyo, mwanangu. Tumbo moja, baba mbali. Mie foleni ya benki siiwezi, magoti haya. Wanaoninunulia kaskazini humpa yeye, naye yuko Wete, hutia yeye benki."

Binti akaitikia, "Ahsante, mzee, Mungu awaweke." Mvua ikakatika, mzigo ukapakiwa, mzee akaondoka. Hakuna kilichoandikwa popote.

Jinsi deni lilivyojitokeza

Kati ya mwisho wa Mei na mwanzo wa Julai mzee alichukua mizigo mitatu kwa mkopo. Ya kwanza ilikuwa mabati 80 kwa shilingi 28,000 kila moja, jumla 2,240,000. Ya pili mifuko 100 ya saruji kwa 17,000, jumla 1,700,000. Ya tatu ilikuwa misumari na rangi, 485,000. Deni lote likafika 4,425,000.

Taarifa za benki za Agosti na Septemba zikaleta mistari hii miwili, na mbele ya kila mmoja jina la aliyeweka, ambalo hapa limeondolewa:

```
19/08  CASH DEP WETE BRANCH   2,195,000.00
11/09  CASH DEP WETE BRANCH   1,640,000.00
```

Yote miwili ikaenda saspensi, na kwa utaratibu uliokuwapo hakuna aliyekosea. Mtu anayelinganisha hesabu hutafuta vitu viwili: jina na kiasi. Hapa vyote viwili viligoma.

Jina liligoma kwa sababu ya namna tunavyoitwa. Jina la Mzanzibari kwenye kitambulisho ni lake, la baba yake na la babu yake. Ndugu wa baba mmoja hufanana majina mawili ya mwisho, kwa hiyo keshia makini akiona majina hayo benki hujiuliza, "Huyu si ndugu wa fulani?" Ndugu wa tumbo moja wenye baba tofauti hawafanani hata jina moja. Ungeweza kuyaweka majina ya hawa wawili juu ya karatasi moja siku nzima na usione uhusiano.

Kiasi nacho kiligoma kwa sababu si 2,195,000 wala 1,640,000 iliyolingana na ankara yoyote ya mteja yeyote. Sababu yake ilikuja kujulikana baadaye: ndugu yule alikuwa akikata gharama ya gari kutoka bandarini Mkoani kabla ya kuweka benki. Alikata 45,000 kwenye mabati na 60,000 kwenye saruji. Kijana wa mauzo aliwahi kumwambia mzee kwa mdomo kwamba duka litabeba gari. Idara ya hesabu haikuambiwa.

Oktoba: madai na hasira

Karibu na vuli mzee alipiga simu akitaka mabati 60 ya kuezekea chuo cha Kurani kabla mvua hazijashika. Mauzo wakafungua mfumo, wakaona 4,425,000 na ankara zote tatu zimevuka siku 90. Wakamwambia hapewi mzigo mpaka alipe.

"Nshalipa," akasema.

"Lete risiti, mzee."

Hapo akakata simu. Kwa mtu wa umri wake, aliyelipa kwa miaka bila kuulizwa karatasi, maneno yale yalikuwa sawa na kuitwa muongo. Siku ya pili akaagiza mtu aje dukani kusema kwamba atahamia kwa muuzaji mwengine. Mhasibu mkuu naye, akiwa na orodha ya wadaiwa mkononi, akamwagiza binti atayarishe barua ya madai.

Ili kuandika barua hiyo ilibidi binti afungue kadi ya mteja. Aliposoma mahali pa duka, kusini ya Pemba, akakumbuka mistari miwili ya Wete iliyokuwa imekaa saspensi. Jina la ndugu hakulijua, kwa sababu mzee hakulitaja. Alichokumbuka ni sentensi moja tu: tumbo moja, baba mbali, yuko Wete, hutia yeye benki. Akatazama tena majina yaliyokuwa kwenye mistari ile. Safari hii kutofanana kwa majina hakukumzuia.

Maamuzi, na sababu zake

*Hakuhamisha pesa.* Mfumo ulimruhusu. Kwa mibofyo michache deni la mzee lingeshuka na barua isingehitajika. Akaenda kwa mhasibu mkuu na kumwambia anachoshuku, na kwamba anachoshuku kimetokana na mazungumzo tu.

Inafaa kueleza kwa nini hatua hii ni kubwa. Saspensi ni pesa isiyo na mwenyewe anayeiulizia, kwa hiyo ndiyo sehemu rahisi kuliko zote ya kufichia wizi. Mfanyakazi asiye mwaminifu huchukua taslimu ya mteja A, akaitia mfukoni, kisha akahamisha pesa ya saspensi kuziba deni la A. Hesabu zote hukaa sawa mpaka siku mwenye pesa ile ajitokeze. Mkaguzi akiona mhasibu mdogo amehamisha milioni tatu na ushei kutoka saspensi kwa maelezo ya "nilikumbuka", hataona kumbukumbu nzuri. Ataona dalili ya wizi, na atakuwa na haki ya kuiona.

*Walikubaliana kuuliza swali lililo wazi.* Mtu anayedai pesa haambiwi tarehe, kiasi wala tawi. Yeye ndiye anayetakiwa kuvitaja. Ukimtajia, jibu lake halina uzito tena, maana atakubali tu.

Hapa binti alikosea. Alipompigia mzee alimwamkia, akamwomba radhi kwa maneno ya jana, kisha kwa kutaka kumtuliza akasema, "Mzee, zile za Wete alizoweka ndugu yako?" Mzee akasema ndizo. Lakini tawi lilikuwa limeshatajwa na mwenye kuuliza, na jibu la "ndizo" halikuthibitisha kitu. Mhasibu mkuu aliyekuwa amesimama pembeni alimwashiria asimamishe, akachukua simu na kuuliza yaliyobaki: kiasi gani, mara ngapi, lini? Mzee alitaja mara mbili, "moja baada ya ile safari ya mabati, moja ya saruji", na kiasi akakisema kwa kukadiria: milioni mbili na laki kama mbili, na milioni moja na laki sita. Ilikuwa karibu sana, lakini kukaribia hakukutosha kuhamisha pesa.

*Wakaomba slipu.* Ndugu wa Wete alikuwa na slipu moja, ya tarehe 19 Agosti, na akatuma picha kwa simu. Ilikaguliwa kwa vitu vinne: namba ya akaunti ya duka, tarehe, kiasi, na mhuri wa tawi. Vyote vikalingana na taarifa ya benki. Slipu ya pili ilikuwa imepotea. Kwa hiyo pesa ya kwanza peke yake ndiyo iliyohamishwa siku hiyo, kwa saini ya mhasibu mkuu, na picha ya slipu ikaambatanishwa:

```
22/10  Dr  Saspensi         2,195,000
           Cr  Mteja P-07       2,195,000
```

Kwa ile ya pili duka liliiandikia benki barua, yenye saini za wenye idhini ya akaunti, kuomba nakala ya slipu ya 11 Septemba. Nakala ilikuja baada ya siku 8, na 1,640,000 ikahamishwa kwa njia ileile. Miezi ya Agosti na Septemba ilikuwa imeshafungwa, hivyo maingizo yote mawili yalifanywa kwa tarehe ya Oktoba, na tarehe halisi za benki zikaandikwa kwenye maelezo. Kurudi nyuma na kufungua mwezi uliofungwa ili hesabu ipendeze ni tabia mbaya, hata pale nia ni njema.

*Mzigo ukatoka kwa vipande.* Baada ya slipu ya kwanza deni lilikuwa 2,230,000. Mhasibu mkuu akaruhusu mabati 30 kati ya 60 yatoke, na mengine 30 yakasubiri jibu la benki. Mauzo walitaka yote yatoke kwa ajili ya kumridhi mzee. Mzee mwenyewe, alipoelezwa sababu, hakupinga. Alisema fundi hamalizi mabati 30 kwa siku moja.

Zile 105,000 zilizobaki

Pesa zote zilipohamishwa, deni lilikuwa 590,000: ankara ya tatu ya 485,000, pamoja na 105,000 za gari zilizokatwa.

Ingekuwa rahisi, kwa aibu ya yaliyopita, kuzisamehe zote. Badala yake kijana wa mauzo aliulizwa aliahidi nini hasa. Akakiri aliahidi gari, ila si wachukuzi. Mzee akaombwa mgawanyo wa zile 60,000 za saruji, naye akasema 40,000 ya gari na 20,000 ya wachukuzi walioshusha. Duka likatoa hati ya kupunguza deni ya 85,000, na mzee akatakiwa kulipa 505,000. Alilipa wiki iliyofuata.

Binti ndiye aliyempigia kumweleza hesabu hiyo, kipande kwa kipande. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia amrudie tena taratibu aiandike kwenye daftari lake.

Matokeo

Mzee hakuhama. Mwezi wa Januari, kabla ya kuagiza mzigo mpya, alituma picha ya ukurasa wa daftari lake wenye malipo yote ya mwaka uliopita, na akataka binti ndiye aulinganishe, si mauzo. Walitofautiana kwa ankara moja tu, na kosa lilikuwa la mzee. Alilikubali kwa simu moja. Kuanzia hapo ndugu wa Wete hutuma slipu siku hiyohiyo moja kwa moja kwenye simu ya idara.

Mhasibu mkuu alimkabidhi binti daftari zima la Pemba. Kwa maelezo yake, kumbukumbu haikuwa sababu kubwa. Sababu ilikuwa kwamba alikuja kusema kabla hajabofya.

Uchambuzi: kilichofaa

Sentensi ya mzee ilikumbukwa kwa sababu ilikuwa habari ya udugu. Tarakimu zilizosemwa siku ile ya mvua, bei za mabati na kadhalika, zilikuwa zimeshasahaulika. Ila ndani ya ile habari ya udugu mlikuwamo taarifa ya kihesabu iliyokamilika: nani analipa, kutoka wapi, na kwa nini si mteja mwenyewe. Mhasibu wa wadaiwa anayesikia "fulani hunitilia" amesikia njia ya pesa, na hiyo ni taarifa ya kazi hata kama imesemwa baina ya hadithi mbili.

Jambo la pili ni mpaka aliouweka. Habari ya tumbo moja na baba mbali ni ya nyumbani kwa watu. Kwa mhasibu mkuu alisema tu kwamba mteja ana ndugu Wete anayemwekea pesa na kwamba majina yao hayafanani. Hakueleza kwa nini hayafanani, na keshia hakuambiwa chochote. Mzee aligundua hilo. Alipokuja Unguja tena, hakuna aliyemtania wala kumuuliza habari za ndugu yake.

La tatu ni kwamba kumbukumbu ilitumika kuelekeza upekuzi, na upekuzi ndio uliotoa uthibitisho. Kama ndugu yule angekuwa mwengine, au pesa ya Wete ingekuwa ya mteja mwengine kabisa, slipu ingelionyesha hilo kabla ya kuharibu madaftari mawili kwa mpigo.

Uchambuzi: kilichoharibika

Kosa la simu limeshatajwa. Kubwa zaidi ni miezi sita ambayo taarifa ilikaa kichwani mwa mtu mmoja. Angekuwa likizo wiki ile ya Oktoba, barua ya madai ingetoka, na kwa hali aliyokuwa nayo mzee huenda ingekuwa barua ya mwisho baina yao. Kadi ya mteja ilikuwa na nafasi ya simu, duka na kikomo cha mkopo. Haikuwa na nafasi ya anayelipa kwa niaba yake. Sasa ipo, na hujazwa hivi: jina la anayeweka, tawi, na tarehe taarifa ilipopokewa. Uhusiano hauandikwi.

Saspensi pia ilikuwa imeachwa kama stoo. Pesa iliingia humo na hakuna aliyekuwa na wajibu wa kuiulizia mpaka mwisho wa mwaka. Pesa ya 19 Agosti ilikaa zaidi ya miezi miwili, na katika muda huohuo mwenye pesa alikuwa akihesabiwa mdaiwa sugu. Dalili ilikuwa wazi kwa yeyote ambaye angeziweka karatasi mbili pamoja: wadaiwa wa Pemba waliovuka siku 60 upande mmoja, na pesa za Pemba zisizo na mwenyewe upande wa pili. Karatasi hizo zilikuwa zikichapishwa mwezi mmoja, ofisi moja, na kuwekwa kwenye mafaili tofauti. Siku hizi hukaguliwa pamoja kila Alhamisi.

Na ahadi ya gari. Kijana wa mauzo hakuwa na nia mbaya, lakini kila ahadi ya mdomo inayogusa bei huzaa kiasi kisicholingana na ankara, na kiasi kisicholingana huishia saspensi. Mauzo sasa huandika punguzo la gari kwenye ankara yenyewe kabla mzigo hautoki.

Wakati kisa kinafungwa saspensi ilikuwa imeshuka kutoka mistari 7 hadi 1. Uliobaki ni wa shilingi 310,000, uliowekwa Chake Chake. Wateja wote 11 wameulizwa, kila mmoja kwa swali lililo wazi, na hakuna aliyeutaja.